Mwongozo kamili: Kuchagua upana wa makapu ya histogramu bila kuharibu umbo la data

Kosa lile lile limenirudia tena. Mtu kaingiza data zake kwenye kompyuta, kabofya kitufe cha histogramu, nguzo zikajitokeza, naye akaandika chini yake kwamba data zina umbo la kengele. Nikamwomba abadilishe upana wa nguzo tu, data asiziguse. Kengele ikapasuka ikawa nundu mbili, na sura nzima ya matokeo aliyokwisha kuandika ikabidi ianze upya.

Hakukosea hesabu hata moja. Alichokosa ni kwamba upana wa nguzo ni uamuzi, na kompyuta ilikuwa imeshamwamulia. Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kuuchukua uamuzi huo mikononi mwako, hatua kwa hatua, kwa data moja halisi ambayo unaweza kuifuata kwa kalamu na karatasi.

Neno moja kabla hatujaanza. Ile nafasi inayokusanya vipimo, kwa mfano kuanzia dakika 40 hadi 45, vyuoni wengine huiita klasi, wengine bini. Mimi nitaiita kapu, kwa sababu ndivyo inavyofanya kazi: kila kipimo kinatumbukizwa kwenye kapu lake, na urefu wa nguzo ni idadi ya vilivyomo. Upana wa kapu ndio habari yetu yote.

## Unachohitaji

- Safu moja ya data ghafi, kipimo kimoja kwenye kila mstari. Jedwali ambalo tayari limepangwa kwa makundi halifai, maana makapu madogo yakishamwagwa ndani ya kubwa huwezi kuyatenganisha tena.
- Jibu la swali hili: vipimo viliandikwa kwa kiwango gani? Dakika nzima? Nusu kilo? Miaka kamili?
- Programu yoyote ya lahajedwali (Excel, LibreOffice Calc au Google Sheets), au R, au Python.
- Kalamu na karatasi. Utavihitaji zaidi kwenye hatua ya nne.

Data tutakayotumia imo ndani ya R yenyewe kwa jina la `faithful`. Ni vipimo 272 vya Old Faithful, chemchemi ya maji moto iliyoko katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani, ambayo hurusha maji juu kisha hutulia kabla ya kuruka tena. Aliyefika Ziwa Bogoria ameona maji ya namna hiyo. Safu ya `waiting` ni dakika za kusubiri kutoka mruko mmoja hadi unaofuata. Nimeichagua kwa sababu umbo lake la kweli linajulikana, kwa hiyo tutaweza kuona wazi ni lini picha inatudanganya.

## Hatua ya 1: Zijue data kabla ya kuchora

Andika mambo manne kwenye karatasi: idadi ya vipimo, kidogo kabisa, kikubwa kabisa, na kiwango cha uandishi. Kwa Old Faithful: vipimo ni 272, kidogo kabisa ni dakika 43, kikubwa kabisa ni dakika 96, na vyote vimeandikwa kwa dakika nzima.

Hilo la nne ndilo watu hulipuuza, na tutaona kwenye hatua ya tatu linavyouma.

Angalia pia tarakimu ya mwisho ya vipimo vyako. Aliyewahi kukusanya umri wa watu nyumba kwa nyumba anajua kwamba wengi hukadiria: mzee hasemi 63, anasema 60 au 65. Umri unaoishia na 0 na 5 hujaa kupita kiasi, hasa wa 0. Ukichora umri kama huo kwa makapu ya mwaka mmoja au miwili, utapata meno kama ya msumeno. Kwa makapu ya miaka mitano, kila kapu hupata umri mmoja tu unaopendwa, lakini lile lenye 40 bado linaweza kusimama juu ya majirani zake lenye 35 na lenye 45. Kwa miaka kumi, kila kapu lina 0 moja na 5 moja, na meno hupungua sana. Hayo makapu mapana hayakuponya data. Yameficha tabia ya wajibuji. Iandike tabia hiyo kwenye maelezo yako, usiiache imezikwa ndani ya nguzo.

Umefaulu kama unaweza kusema bila kufungua kompyuta: data zangu ni ngapi, zinaanzia wapi, zinaishia wapi, na hatua ndogo kabisa kati ya kipimo na kipimo ni ipi.

## Hatua ya 2: Pata upana wa kuanzia kwa hesabu

Usianze kwa kubahatisha, na usianze na idadi ya makapu. Anza na upana.

Kanuni ninayoipendelea ni ya Freedman na Diaconis. Unapanga data kuanzia ndogo hadi kubwa, unatafuta mahali robo ya kwanza inapoishia na mahali robo ya tatu inapoishia, unachukua tofauti yake. Zidisha kwa 2, kisha gawanya kwa kipeuo cha tatu cha idadi ya vipimo. Kwenye lahajedwali, kama data ziko kuanzia A2 hadi A273:

```
=2*(QUARTILE(A2:A273,3)-QUARTILE(A2:A273,1))/COUNT(A2:A273)^(1/3)
```

Kwa data yetu robo ya kwanza inaishia dakika 58, ya tatu dakika 82. Tofauti ni 24, mara mbili ni 48. Kipeuo cha tatu cha 272 ni karibu 6.48. Jibu ni dakika 7.4.

Sababu ya kupenda kanuni hii ni kwamba inatazama nusu ya katikati ya data tu. Kipimo kimoja cha ajabu kilichotupwa mbali hakiitikisi.

Sasa onyo, na hili nalisisitiza kwa sababu programu nyingi hazikwambii. Kanuni hizi huangalia jinsi data zote zilivyotawanyika kwa pamoja. Kama data zina nundu mbili, sehemu kubwa ya mtawanyiko huo ni umbali kati ya nundu na nundu, wala si unene wa nundu yenyewe. Kanuni inaona data pana, inakupa kapu pana, na kapu pana ndilo linaloziba bonde lililo katikati. Kwa maneno mengine, kanuni hulegea pale pale unapoihitaji zaidi.

Kwa Old Faithful jambo hili linapimika. Kila nundu peke yake ina mchepuko sanifu wa karibu dakika 6, ilhali data zote kwa pamoja zina karibu dakika 13.6. Ukipiga hesabu ya nundu moja moja, upana unaofaa unashuka hadi dakika 3 au 4 hivi.

Kwa hiyo lichukue jibu la kanuni kama dari. Upana wako wa kwanza uwe hapo au chini yake, na utajaribu mwembamba zaidi kabla ya kujaribu mpana.

Umefaulu kama una namba moja, pamoja na kizio chake. Yetu: dakika 7.4, nasi tutaanza na 5.

## Hatua ya 3: Uzungushe upana uendane na data, kisha chagua mwanzo

Kwa nini 5 na si 7.4? Kwa sababu data ziliandikwa kwa dakika nzima, na kapu lenye upana usio namba nzima halitendi haki.

Hebu tulione kwa karibu. Ukiiambia Python ichore histogramu bila maelezo mengine, `matplotlib` hugawa data katika makapu 10. Kutoka 43 hadi 96 ni dakika 53, kwa hiyo kila kapu linapata upana wa dakika 5.3. Kapu la kwanza linaanzia 43 na kuishia 48.3: ndani yake zinaingia dakika 43, 44, 45, 46, 47 na 48, yaani namba sita. La pili linakwenda hadi 53.6: zinaingia 49, 50, 51, 52 na 53, yaani namba tano. Ukiendelea hadi mwisho, makapu manne yanapata namba sita na makapu sita yanapata namba tano.

Yale manne yamepewa nafasi ya ziada ya moja juu ya tano, yaani asilimia 20 zaidi, bila chemchemi kufanya lolote. Unachora, unaona nguzo imenyanyuka, unaanza kuitafutia maelezo ya kisayansi. Maelezo yake ni mgawanyo mbaya wa namba, basi.

Kanuni ya hatua hii ni fupi: upana wa kapu lazima uwe mara kamili ya kiwango cha uandishi. Data za dakika nzima zinakubali 1, 2, 3, 5, 10. Data za nusu kilo zinakubali 0.5, 1, 1.5, 2.

Kisha chagua mwanzo. Chukua namba ya kawaida iliyo chini ya kipimo kidogo kabisa. Kwetu ni 40.

Halafu amua mpakani. Dakika 60 iingie kapu la 55 hadi 60, au la 60 hadi 65? R na kitendakazi cha lahajedwali kiitwacho `FREQUENCY` huiweka kwenye kapu la chini. `matplotlib` na `numpy` huiweka kwenye kapu la juu, isipokuwa kipimo kinachoangukia ukingo wa mwisho kabisa. Ndiyo maana watu wawili wenye data moja na upana mmoja hupata hesabu tofauti na kuanza kushukiana. Mimi hapa nafuata R: kapu la "40 hadi 45" lina kila kilichozidi 40, pamoja na 45 yenyewe.

Umefaulu kama unaweza kuorodhesha kingo zako zote: 40, 45, 50, na kuendelea hadi 100.

## Hatua ya 4: Hesabu mara moja, kisha chora kwa upana tofauti

Hapa ndipo penye uzito wa kazi, usiharakishe.

Kwenye lahajedwali, andika kingo za juu (45, 50, 55 hadi 100) kwenye C2 hadi C13, kisha:

```
=FREQUENCY(A2:A273,C2:C13)
```

Kwenye Excel za zamani na LibreOffice Calc, chagua kwanza seli D2 hadi D14, andika fomyula, halafu bonyeza Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja. Itakupa namba moja zaidi ya makapu yako. Hiyo ya mwisho ni vipimo vilivyozidi 100, na inapaswa kuwa 0. Kwenye R:

```r
w <- faithful$waiting
hist(w, breaks = seq(40, 100, by = 5))
```

Usiandike `breaks = 8` ukidhani umeagiza makapu 8. R huichukua kama pendekezo, kisha hujichagulia kingo zenye namba za kupendeza. Kwa data hii, 8, 10 na 12 zote hukupa picha moja ile ile ya upana wa dakika 5, na mtu huondoka akiamini kwamba amejaribu pana tatu tofauti.

Haya ndiyo matokeo:

| Dakika za kusubiri | Idadi |
|---|---|
| 40 hadi 45 | 4 |
| 45 hadi 50 | 22 |
| 50 hadi 55 | 33 |
| 55 hadi 60 | 24 |
| 60 hadi 65 | 14 |
| 65 hadi 70 | 10 |
| 70 hadi 75 | 27 |
| 75 hadi 80 | 54 |
| 80 hadi 85 | 55 |
| 85 hadi 90 | 23 |
| 90 hadi 95 | 5 |
| 95 hadi 100 | 1 |

Jumlisha uhakikishe: 272. Kama jumla yako haifiki idadi ya data, kuna kipimo kilichoanguka nje ya makapu au seli iliyosomwa kama maandishi.

Soma safu ya idadi kuanzia juu kwenda chini. Inapanda hadi 33, inateremka hadi 10, inapanda tena hadi 55, kisha inazama. Nundu mbili, moja karibu na dakika 53, nyingine karibu na 80, na bonde kati yake.

Sasa chukua kalamu. Huhitaji kurudi kwenye kompyuta, kwa sababu makapu mapana ni makapu haya haya yaliyounganishwa.

Upana wa dakika 10. Unganisha mawili mawili: 26, 57, 24, 81, 78, 6. Nundu mbili bado zipo, bonde lipo. Tumepoteza kilele halisi cha kila nundu, lakini habari kuu imebaki.

Upana wa dakika 20. Unganisha manne manne: 83, 105, 84.

Zitazame namba hizo tatu vizuri. Nguzo ya katikati imezidi kidogo, za pembeni zinakaribia kulingana kabisa. Kilima kimoja, kimesimama sawia. Mtu akiiona picha hii ataandika kwa utulivu kwamba wengi husubiri karibu na wastani, na wastani ni dakika 71. Rudi kwenye jedwali: kuanzia 65 hadi 70, ukingoni kabisa mwa huo wastani, kuna mara 10 tu kati ya 272. Dakika ambazo picha inakwambia ni za kawaida ziko jirani na bonde.

Bonde lilikwenda wapi? Kapu la 60 hadi 80 limemeza vitu viwili vinavyopingana: 24 za bondeni na 81 za mwanzo wa nundu kubwa. Ndani ya kapu moja hivyo viwili vimejumlishwa, na jumla haionyeshi kwamba vilikuwa viwili.

Upana wa dakika 1. Sasa elekea upande mwingine. Kutoka 43 hadi 96 kuna dakika 54, na data ni 272, kwa hiyo kila kapu linapata vipimo 5 tu kwa wastani. Nguzo zitaruka juu na chini kama nyasi zilizokatwa vibaya. Nundu mbili bado unaweza kuzihisi, lakini juu yake kutakuwa na vilele vidogo vingi, na jicho la binadamu hupenda kuhesabu vilele.

Kapu pana huficha, kapu jembamba huzua. Kila picha unayoiona iko mahali fulani kati ya hayo mawili, na huwezi kujua ni wapi kwa kutazama picha moja.

Umefaulu kama una picha tatu au zaidi mezani: ile ya upana wa kuanzia, moja yenye nusu yake hivi, na moja yenye mara mbili yake. Andika kwa sentensi moja ni nini kilichobaki katika zote. Kwetu: nundu mbili zinaonekana kwa dakika 1, 5 na 10, zinatoweka kwa 20 tu.

## Hatua ya 5: Sogeza mwanzo, upana uache ulivyo

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, hata wanaojua habari za upana.

Bakia na dakika 20, lakini badala ya kuanzia 40, anzia 30. Kingo zinakuwa 30, 50, 70, 90 na 110. Jumlisha kutoka kwenye jedwali lile lile: 26, 81, 159, 6.

Kilima kimoja bado, ila sasa kimeinama. Kinapanda polepole kutoka kushoto, kinafika kilele kati ya 70 na 90, kisha kinaporomoka. Jana uliandika kwamba data zimesimama sawia; leo utaandika kwamba zina mkia mrefu upande wa kushoto. Data ni zile zile, upana ni ule ule, kilichosogea ni mwanzo kwa dakika 10.

Jaribu kwa upana wa dakika 5: anzia 38 au 42 badala ya 40. Idadi zitabadilika kidogo hapa na pale, lakini nundu mbili na bonde havitakwenda popote. Hicho ndicho kipimo chenyewe: kapu likiwa jembamba vya kutosha kuliko umbo unalolitafuta, mwanzo haukutishi. Ukiona umbo linageuka kwa kusogeza mwanzo tu, kapu lako ni pana mno, na umbo hilo usiliandike popote.

Watumiaji wa Excel wajue kwamba chati yake ya histogramu huanzia kwenye kipimo kidogo kabisa, kwetu 43, hata ukiweka `Bin width` kuwa 5. Kingo zitakuwa 43, 48, 53. Ukitaka ianze 40, weka `Underflow bin` kuwa 40. Mimi naona `FREQUENCY` na chati ya nguzo vinaleta usumbufu mdogo zaidi, maana kingo unaziandika mwenyewe na kila mtu anaziona.

Umefaulu kama mianzo miwili au mitatu tofauti inakupa sentensi ile ile ya maelezo.

## Hatua ya 6: Tenga nundu ya kweli na ya bahati

Umeona kilele. Je, kipo, au ni vipimo vichache vilivyoangukia pamoja?

Kuna kipimo cha haraka ambacho ninakitumia kila siku. Chukua idadi za makapu mawili yenye upana sawa. Tafuta tofauti yake. Kisha jumlisha idadi hizo mbili na utafute kipeuo cha pili cha jumla. Tofauti ikiwa chini ya mara mbili ya kipeuo hicho, usiisemee neno. Ikiwa mara tatu na zaidi, unaweza kuitegemea. Katikati ya hapo, tafuta ushahidi mwingine.

Tuijaribu kwenye picha ya dakika 10. Nguzo za 81 na 78: tofauti ni 3, kipeuo cha pili cha 159 ni karibu 12.6. Tofauti haifiki hata robo ya kipeuo. Ukiandika kwamba kilele kiko kati ya 70 na 80 na si kati ya 80 na 90, umeandika hewa.

Sasa bonde. Nguzo za 57 na 24: tofauti ni 33, kipeuo cha pili cha 81 ni 9. Ni zaidi ya mara tatu. Upande wa pili wa bonde, 24 na 81: tofauti ni 57, kipeuo cha 105 ni karibu 10.2. Ni zaidi ya mara tano. Bonde limezungukwa na kuta imara pande zote mbili, na hilo ndilo linalotupa haki ya kusema nundu ni mbili.

Linganisha na picha ya dakika 1, ambapo kapu moja linaweza kuwa na 3 na jirani yake 7. Kwa macho, la pili limezidi mara mbili. Kwa hesabu, tofauti ni 4 na kipeuo cha 10 ni 3.2. Hakuna kitu.

Ukilinganisha makapu mengi kwa mpigo, baadhi yatavuka mara mbili kwa bahati peke yake. Ndiyo maana nasisitiza mara tatu, na ndiyo maana nataka nundu ionekane kwenye pana zaidi ya moja.

Umefaulu kama kila kilele na kila bonde unalolitaja kwenye maandishi lina hesabu hii pembeni yake kwenye daftari lako.

## Hatua ya 7: Chagua picha moja, na usichanganye pana

Kati ya picha zilizopita majaribio, chukua ile yenye kapu pana zaidi ambayo bado inaonyesha kila kitu ulichokithibitisha. Kwa Old Faithful ningechapisha ya dakika 5. Ya 10 haidanganyi, lakini nundu ya kwanza inabaki na nguzo mbili tu, na msomaji haoni inavyopanda na kushuka.

Kuna kosa moja la kuepuka hapa. Mtu huona makapu ya mwisho yana vipimo vichache, 5 na 1, akaamua kuyaunganisha na jirani yao: 85 hadi 100, jumla 29. Kisha anachora nguzo yenye urefu wa 29. Mkia uliokuwa ukiteremka kwa 23, 5 na 1 sasa umekuwa ukuta mpana wenye kimo cha 29, na jicho linaona vipimo vingi kuliko vilivyopo.

Makapu yakiwa na pana tofauti, urefu wa nguzo lazima uwe idadi iliyogawanywa kwa upana. Kapu la 85 hadi 100: 29 kwa dakika 15 ni karibu 1.9 kwa kila dakika. Kapu la 80 hadi 85: 55 kwa dakika 5 ni 11 kwa kila dakika. Hapo uwiano unarudi, kwa sababu eneo la nguzo ndilo linalobeba idadi. Kama hutaki hesabu hiyo, acha makapu yote yawe sawa na uvumilie nguzo fupi mwishoni.

Chini ya picha andika upana, mwanzo, mpaka na idadi. Kwa mfano: "Vipimo 272, makapu ya dakika 5 kuanzia 40, kila kapu linajumuisha ukingo wake wa juu, nundu mbili zinaonekana pia kwa upana wa dakika 10." Mtu mwingine akiwa na data zako ataweza kuirudia picha hiyo nguzo kwa nguzo.

## Hatua ya 8: Ulizia nundu zinatoka wapi

Nundu mbili mara nyingi ni makundi mawili yaliyochanganywa. Tafuta safu nyingine kwenye data inayoweza kuyatenganisha.

Kwenye `faithful` ipo: `eruptions`, yaani mruko uliotangulia ulidumu dakika ngapi. Gawanya data kwenye dakika 3, kisha chora kila kundi peke yake kwa kingo zile zile kabisa:

```r
k <- seq(40, 100, by = 5)
fupi <- faithful$eruptions < 3
hist(w[fupi], breaks = k)
hist(w[!fupi], breaks = k)
```

Kingo zikitofautiana kati ya kundi na kundi, utarudi kulekule kwenye kosa la mwanzo, safari hii mara mbili.

Utaona kila kundi lina kilima chake kimoja. Baada ya mruko mfupi, kusubiri huwa karibu dakika 55. Baada ya mruko mrefu, karibu dakika 80. Anayesimama pale na saa mkononi akaona mruko umekwisha ndani ya dakika mbili, anajua asiende mbali. Picha ya 83, 105, 84 ingemwambia arudi baada ya dakika 71, na angekuta maji yamesharuka.